Pendekezo la mradi wa shule: kutoka tatizo hadi ratiba, kwa mfano wa visima vitatu vya Mombasa

Mpwa wangu alinijia Ijumaa moja baada ya alasiri, karatasi mkononi. Mwalimu wao wa jiografia, kidato cha tatu, amewapa kazi: kila mwanafunzi aandike pendekezo la mradi lisilozidi kurasa nne, liwe na tatizo, malengo, mbinu na ratiba, na mradi wenyewe uishe kabla ya kufunga muhula. Yeye alikuwa ameshaandika kichwa kwa herufi kubwa: "Uchafuzi wa Maji Mjini Mombasa na Suluhisho Lake."

"Utaanzia mtaa gani?" nikamuuliza.

Akacheka. Alikuwa hajafikiria mtaa.

Nimesahihisha mapendekezo ya namna hii kwa miaka kadhaa, na karibu yote yanayorudishwa huwa na kasoro moja tu: sehemu zake hazijuani. Tatizo linazungumzia jambo moja, malengo jingine, mbinu zimenakiliwa kwa rafiki, na ratiba imejazwa usiku wa mwisho ili jedwali lisibaki tupu. Kwa hivyo nitaeleza kazi hii kwa kufuata pendekezo lake yeye, tangu lile la kwanza hadi lile lililokubaliwa, na utaona kila sehemu inavyozaa inayofuata.

Tafuta swali kabla ya kushika kalamu

Mada kama "uchafuzi wa maji" haiandikiki pendekezo, kwa sababu haisemi utapima nini. Badala ya kumwambia apunguze mada, nilimuuliza mambo matatu: umeona nini kwa macho yako, nani anapata taabu kwa sababu yake, na kipi hapo ambacho huna jibu lake.

Akaanza kusimulia. Nyumbani kwao Kibokoni kuna kisima uani. Maji ya mfereji yakikatika, ya kupikia hununuliwa kwa hamali wa mkokoteni, mtungi kwa mtungi, na ya kisima hufuliwa na kuogewa. Kuna siku ya kisima hunyweka ukijikaza, na kuna siku sabuni haitoi povu na ukiyatia mdomoni ni bahari tupu. "Bibi yeye husema ni bamvua," akamaliza, kama mtu anayetaja jambo dogo.

Hapo ndipo pendekezo lilipoanza. Kwa asiyekulia pwani: bamvua ni zile siku ambazo bahari hujaa sana na kupwa sana, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Baina yake huja maji mafu, siku ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Bibi alikuwa ametoa dai linaloweza kupimwa. Swali likawa hili: je, maji ya visima vya kisiwani huzidi chumvi bahari inapojaa, na je, umbali wa kisima kutoka ufukweni unaleta tofauti?

Swali zuri la mradi wa shule utalitambua kwa jambo moja: unaweza kuwaza majibu mawili yanayopingana, na yote mawili yakawa ya maana. Ikionekana chumvi inapanda na kushuka na bahari, ni habari. Ikionekana haibadiliki kabisa, pia ni habari, na bibi itabidi atafute sababu nyingine. Linganisha na "je, uchafuzi wa maji ni mbaya?" ambalo lina jibu moja tu, na kila mtu analo tayari.

Kabla ya kuandika, soma kiasi cha kukutosha kueleza kwa nini jambo hilo linawezekana. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe, mawe yenye matundu yanayopitisha maji. Mvua ikinyesha, maji huzama, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi kuliko ya bahari, huelea juu ya maji ya chumvi yaliyopenya chini ya kisiwa. Kisima hufika kwenye tabaka hilo la juu. Ukivuta mno, au bahari ikisukuma kutoka kando, ile chumvi ya chini huweza kupanda. Aya moja ya namna hiyo inatosha. Usinakili sura nzima ya kitabu.

Tatizo: aya moja, hatua nne

Hii ndiyo aya yake ya kwanza, neno kwa neno:

"Maji ni uhai. Tangu enzi za mababu zetu binadamu amehitaji maji kwa matumizi mbalimbali. Mombasa kuna uchafuzi mwingi unaosababishwa na watu wasiojali. Tatizo kubwa ni ukosefu wa mitambo ya kusafisha maji ya visima. Hivyo basi serikali inafaa kuchukua hatua."

Ni Kiswahili safi, na kwa insha ingepata alama. Kwa pendekezo haifai, na sababu zake ni tatu. Sentensi mbili za kwanza zinaweza kukaa mbele ya mradi wowote wa maji, wa Mombasa au wa Turkana. Sentensi ya tatu inalaumu watu bila kuonyesha lolote. Ya nne ndiyo inayodanganya wengi, maana inataja suluhisho na kuliita tatizo. Ukiandika "tatizo ni ukosefu wa mtambo," umeshaamua jibu kabla ya kupima, na mradi hauna tena la kutafuta. Kila unapoona neno "ukosefu" kwenye aya ya tatizo, simama ujiulize: ni nini kinachotokea kwa sababu kitu hicho hakipo? Hicho kinachotokea ndicho cha kuandika.

Aya ya tatizo inapita hatua nne: hali ilivyo, pale ambapo mambo hayako sawa au hayajulikani, nani anaumia kwa hilo, na mradi huu utafanya nini. Tulikaa mpaka magharibi ikatoka hivi:

"Familia nyingi za kisiwa cha Mombasa hutegemea visima maji ya mfereji yanapokatika. Kisiwa kimekaa juu ya mawe ya matumbawe yanayopitisha maji, na kimezungukwa na bahari, kwa hiyo maji ya visima hukutana na ya bahari chini ya ardhi. Wakazi wa Kibokoni niliozungumza nao wanasema chumvi ya visima vyao huzidi siku za bamvua, lakini hawana vipimo vinavyoonyesha ni kweli au la, wala kama visima vilivyo mbali na ufuko hubadilika vivyo hivyo. Bila vipimo, mwenye kisima hajui ni wakati gani ateke maji ya kupikia na wakati gani ateke ya kufulia tu. Mradi huu utapima chumvi katika visima vitatu vilivyo umbali tofauti kutoka ufukweni, bahari inapojaa na inapokupwa, ili kuona kama tofauti ipo na ni ya kiasi gani."

Tazama sentensi ya tatu. Kwanza alikuwa ameandika "hakuna mtu aliyewahi kutafiti jambo hili." Nikamfuta. Ameuliza wangapi? Mwalimu yeyote aliyesoma jiografia ya pwani atatabasamu hapo. Sema unachoweza kukitetea: watu hawa, wa mtaa huu, hawana vipimo. Pengo dogo la kweli linatosha kubeba mradi wa kurasa nne.

Malengo: kitenzi kinachoonekana

Alileta malengo sita. Mawili yalianza na "kuelewa," moja na "kuhamasisha umma," moja likataka kupima vijidudu, na mawili ya mwisho yalikuwa lengo lilelile kwa maneno mengine.

Kipimo ninachotumia ni hiki: mtu akisimama kando yako siku ya kazi, ataona ukilitimiza lengo hilo? Anayepima anaonekana, na anayelinganisha ataonekana kwenye jedwali lake. Anayeelewa haonekani. "Kuelewa," "kujua," "kufahamu" na "kutambua umuhimu" ni mambo yanayotokea kichwani, na mwalimu hana jinsi ya kuyapa alama. "Kuhamasisha" lina taabu nyingine, kwani ni mradi wa pili mzima, na huwezi kuhamasisha watu kwa matokeo ambayo hujayapata.

Kwa vijidudu alibishana. "Lakini mjomba, chumvi haimuui mtu. Vijidudu ndivyo vinavyoua."

Ni kweli, na pia ni kweli kwamba visima vya mjini vilivyochimbwa karibu na mashimo ya vyoo vina hatari hiyo. Ila kupima vijidudu kunataka vyombo vilivyotakaswa, chakula cha kuvikuzia, na kabati la kutunza joto lisilobadilika kwa saa nyingi. Maabara ya shule yao haina kabati hilo. Lengo lisilo na kifaa liondoe mapema, hata kama ndilo unalolipenda zaidi, kisha ulitaje kwenye mipaka ya mradi: "Mradi huu hautapima vijidudu, kwa hiyo hautasema kama maji ni salama kunywa." Sentensi hiyo moja ilimlinda na swali ambalo mwalimu angeuliza bila shaka.

Yakabaki haya. Lengo kuu: kuchunguza uhusiano wa kujaa na kupwa kwa bahari na chumvi ya maji katika visima vitatu vya kisiwa cha Mombasa. Malengo mahususi:

1. Kupima chumvi ya maji ya kila kisima bahari inapojaa na inapokupwa, kwa Jumamosi nne.
2. Kulinganisha tofauti inayopatikana siku za bamvua na ile ya siku za maji mafu.
3. Kueleza kama tofauti hiyo inapungua kadiri kisima kinavyokuwa mbali na ufuko.

Lengo la tatu lilianza kama "kuthibitisha." Visima vitatu havithibitishi jambo la kisiwa kizima. Huenda kimoja kimechimbwa chini zaidi, huenda kingine kinavutwa kwa pampu mchana kutwa. "Kueleza" linaahidi kiasi ambacho visima vitatu vinaweza kutoa. Chagua kitenzi chako kwa kuhesabu data utakazokuwa nazo.

Mbinu: andika ili mwenzako aweze kukufanyia kazi ukiumwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wanafunzi wanapopita mbio. Aya yake ya kwanza ilikuwa na sentensi moja: "Nitatumia mbinu za uchunguzi, mahojiano na hojaji." Nikamuuliza hojaji itajibu lengo lipi. Akayasoma malengo yake matatu, akarudia tena. Hakuna lililouliza maoni ya watu. Hojaji ikatoka, mahojiano yakatoka. Ziliingia kwa sababu kila pendekezo alilowahi kuona lilikuwa nazo.

Kisha tukaanza na kifaa. Shule yao ina kipima kidogo cha mkononi chenye umbo la kalamu, kile kinachoonyesha `TDS` kwa `ppm` kwenye kioo chake, na `ppm` moja ni kama miligramu moja kwa lita. Ni lazima ujue kifaa chako kinapima nini hasa. Kalamu hii haionji chumvi. Inapitisha umeme kidogo kwenye maji, na kwa kuwa chumvi na madini yaliyoyeyuka huufanya umeme upite kwa urahisi, inakadiria jumla ya vitu vilivyoyeyuka. Maji ya mawe ya matumbawe yana chokaa pia, nayo huhesabiwa. Kwa hivyo kwenye pendekezo hakuandika "kiasi halisi cha chumvi." Aliandika kwamba `TDS` itatumika kama kiashiria cha chumvi, na kwamba chokaa inaweza kuongeza namba. Jambo hilo halivurugi mradi wake, maana anachotafuta ni mabadiliko katika kisima kilekile kati ya saa moja na nyingine, na chokaa ya kisima haitarajiwi kubadilika sana kwa saa sita.

Jambo la pili ni pahali. Tulichagua kisima kimoja Kibokoni, kimoja Makadara na kimoja Majengo, tukaviita A, B na C ili wenye nyumba wasitajwe. Umbali wa kila kimoja hadi ufuko wa karibu utapimwa kwa ramani ya simu, kwa mstari ulionyooka. Pendekezo linasema hivyo waziwazi, kwa sababu mwingine angeweza kupima kwa kufuata barabara na kupata namba tofauti kabisa.

La tatu ni jinsi ya kuchukua maji. Hii hapa aya yake kama ilivyo kwenye karatasi ya mwisho:

"Nitateka maji kwa ndoo ndogo iliyofungwa kamba, na kamba itakuwa na alama ili ndoo ifike kina kilekile kila mara. Nitasuuza chupa mara tatu kwa maji ya kisima hicho kabla ya kuijaza. Nitatumbukiza kipima, nisubiri namba itulie, niandike. Nitarudia mara tatu kwa kila chupa na kutumia wastani. Kabla ya kwenda kisima kingine nitasuuza kipima kwa maji yaliyotoneshwa ya maabara na kuhakikisha kinasoma karibu na sifuri. Kama pampu ya kisima imewashwa ndani ya saa moja kabla ya kupima, nitaandika hivyo kando ya kipimo."

Hilo la alama kwenye kamba halikuwa mapambo. Kumbuka maji matamu yanaelea juu ya yale ya chumvi. Ukiteka juu leo na chini kesho, utapata tofauti kubwa, nawe utadhani ni bahari. Kila mbinu ina mtego wa namna hii, kitu kingine kinachoweza kuleta matokeo yaleyale unayoyatafuta. Kwa mradi huu mitego ni kina, pampu na mvua. Jukumu la sehemu ya mbinu ni kuitaja na kusema utaikabili vipi, kwa kuizuia ukiweza, au kuiandika daftarini usipoweza.

Halafu hesabu idadi ya vipimo, kwa namba. Visima vitatu, mara mbili kwa siku, Jumamosi nne: chupa 24. Kila chupa husomwa mara tatu: vipimo 72. Namba hiyo inafaa kuonekana kwenye pendekezo, kwa sababu inamwonyesha mwalimu kwamba kazi inawezekana na mtu mmoja mwenye baiskeli, na inakuonyesha wewe ukubwa wa jedwali la kuchora mapema.

Jambo moja zaidi ambalo wengi hawaliweki, nalo ni jaribio la awali. Maji ya kisima hayafuati bahari papo hapo. Msukumo hupita kwenye mawe, na huchukua muda. Kwa hivyo aliahidi kwamba kabla ya Jumamosi ya kwanza ya kazi, atakaa kwenye kisima A tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni na kupima kila saa. Kama namba ya juu itakuja saa moja baada ya bahari kujaa, atasogeza saa zake za kupima kwenye kisima hicho. Bila jaribio hilo angeweza kukosa tofauti iliyopo, akaandika kwamba haipo.

Mwisho wa mbinu weka idhini. Visima viko nyuani kwa watu, na kimoja kinatumiwa na jirani zaidi ya wanne. Mwalimu ataandika barua, na mwanafunzi ataenda nayo mwenyewe, apige hodi, aeleze atakuja siku ngapi na saa ngapi. Mzee wa Makadara, kwa mfano, alikubali kwa sharti la kuambiwa matokeo kwanza yeye kabla ya mtu mwingine. Sharti hilo likaandikwa.

Ratiba: uliza bahari kabla ya kuuliza kalenda ya shule

Ratiba huandikwa kwa kurudi nyuma kutoka siku ya kukabidhi. Hilo nilimwambia, akalifanya vizuri. Ila alipanga kupima Jumatatu na Jumatano baada ya masomo, saa kumi jioni. Hapo malengo yake yangekufa, na asingejua mpaka wiki ya sita.

Bahari yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na saa zake husogea mbele kama dakika 50 kila siku. Siku za bamvua Mombasa, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu mambo hugeuka: hujaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Mtu anayepima saa kumi jioni peke yake atapata kujaa tu kwa bamvua na kupwa tu kwa maji mafu, na hatakuwa na cha kulinganisha siku hiyohiyo. Akitaka vyote viwili mchana mmoja, lazima awe huru saa nne asubuhi. Mwanafunzi huwa darasani saa hiyo, isipokuwa Jumamosi na Jumapili.

Basi Jumamosi. Na hapa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa ukutani kwao ilifanya kazi kuliko ya shule: bamvua huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, kwa hiyo ni karibu na tarehe 2 na 16 za mwezi. Maji mafu huangukia karibu na 9 na 23. Kwa kuwa kati ya bamvua na maji mafu ni kama wiki moja, ukianza Jumamosi ya bamvua, zinazofuata zitapishana zenyewe. Ukianza Jumamosi ya katikati, zote zitakuwa za katikati na lengo la pili halitatimia, hivyo sogeza mwanzo, au fikiria siku nyingine ya mapumziko. Saa na dakika kamili huchukuliwa kwenye jedwali la maji la bandari ya Kilindini, siyo kwa kukisia.

Ratiba yake ya muhula wa kwanza ikakaa hivi:

- Wiki ya 1: barua ya mwalimu, idhini za wenye visima, kukagua kipima.
- Wiki ya 2: jaribio la awali, kisima A, kila saa.
- Wiki ya 3: vipimo, bamvua.
- Wiki ya 4: vipimo, maji mafu.
- Wiki ya 5: vipimo, bamvua.
- Wiki ya 6: vipimo, maji mafu.
- Wiki ya 7 na 8: akiba, pamoja na kujaza majedwali na kuchora grafu.
- Wiki ya 9: kuandika ripoti.
- Wiki ya 10: kumsomea mwalimu rasimu, kurekebisha, kukabidhi.

Aliuliza kwa nini akiba ni wiki mbili na si moja. Wiki ya 7 ni ya bamvua. Jumamosi iliyopotea ikiwa ya bamvua, ya 7 itaifidia. Ikiwa ni ya maji mafu, hana budi kungoja ya 8. Akiba ya ratiba haina maana kama haiwezi kuchukua nafasi ya kile kilichopotea.

Muhula wa kwanza pia ulichaguliwa kwa sababu. Januari hadi Machi ni majira ya kaskazi, mvua ni chache. Masika yakianza, maji ya mvua yatazama visimani na kupunguza chumvi, na hapo hutajua ni mvua au ni bahari. Hili liliandikwa kwa sentensi moja chini ya ratiba, na ni moja ya sentensi ambazo mwalimu alizipigia mstari wa kusifu.

Bajeti yake ilikuwa mistari mitatu: betri za kipima, chupa, kamba. Kama kifaa ni cha kuazima, andika ni cha kuazima na kwa nani. Usibuni gharama ili jedwali lionekane zito.

Kulipitia kabla ya kukabidhi

Chukua karatasi nyingine. Andika lengo la kwanza, mbele yake andika ni aya gani ya mbinu inayolifanyia kazi, na mbele yake tena wiki gani. Fanya hivyo kwa kila lengo. Lengo lisilo na mbinu linatoka, mbinu isiyo na lengo inatoka, na wiki isiyohudumia chochote inaenda kwenye akiba. Kwa mpwa wangu, lengo la tatu lilikuwa na mbinu lakini halikuwa na wiki: hakuna mahali alipopanga kupima umbali kwenye ramani. Likaongezwa kwenye wiki ya 1, kazi ya nusu saa.

Kichwa sasa ndicho kinachoandikwa, cha mwisho kabisa: "Athari ya Kujaa na Kupwa kwa Bahari kwa Chumvi ya Maji katika Visima Vitatu vya Kisiwa cha Mombasa." Hata hapo nilimrudisha nyuma kidogo. "Athari" linadai kwamba bahari ndiyo inayosababisha, wakati lengo kuu lilisema "uhusiano." Akabadilisha.

Pitia pia vitenzi vyote. Pendekezo linasema nitapima, nitalinganisha, yatachorwa. Ukikuta "nilipima" ujue umenakili kutoka ripoti ya mtu, na mwalimu atalijua hilo kabla yako.

Alikabidhi Jumatatu. Alhamisi karatasi ikarudi, imekubaliwa, na kalamu nyekundu mahali pamoja tu, kando ya mbinu: "Tofauti ya kiasi gani utaihesabu kuwa tofauti?"

Nilikuwa nimelisahau mimi mwenyewe. Kipima kile kikisoma chupa ileile mara tatu hakitoi namba ileile. Hupanda na kushuka kidogo. Kama vipimo vitatu vya chupa moja vinapishana kwa 20, basi kupata 15 zaidi bahari inapojaa hakumaanishi kitu. Na msomaji anahitaji pia kujua namba zinasemaje kwa maisha ya kawaida: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba maji yenye chini ya miligramu 600 kwa lita kwa kawaida huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 ladha huzidi kuharibika, ilhali bahari yenyewe ina kama 35,000.

Usiku huo akaongeza sentensi mbili mwishoni mwa mbinu: "Nitahesabu kwamba chumvi imebadilika pale tu ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa ni kubwa kuliko tofauti ya vipimo vitatu vya chupa moja. Kisha nitaonyesha kama kisima kimevuka miligramu 1,000 kwa lita, na ni saa ngapi." Jumamosi iliyofuata saa nne kasoro robo alikuwa ameshafunga kamba kwenye ndoo.